Unga wa Manono

Mkebe ulikuwa unatoka jasho.

"Mbona hii ina matone chini ya kifuniko?" nilimuuliza Abigaël, mwenzangu wa maabara.

"Mama Florentine, miye niliipokea tu vile. Motari njo aliileta na pikipiki."

Nilimfokea. Nilimwambia kwamba ameuacha mkebe karibu na sinki, kwamba hajui kufunga kifuniko, kwamba watoto wa siku hizi wana mikono ya siagi. Abigaël ana watoto wawili na mikono yake haina tatizo lolote. Lakini mimi nikiona kitu kisicho mahali pake, kwanza natafuta mtu wa kumkaripia, halafu ndipo nafikiri. Mama yangu anasema ugonjwa huo nimeurithi kwa baba.

Ndani ya mkebe kulikuwa na unga uliotoka kwenye tanuri la kiwanda. Kila siku wanatuletea kidogo kwa pikipiki ili tuupime, wao wakiwa upande wa Musonoi na sisi huku Dilala, katika nyumba ya zamani ya kampuni ya migodi ambayo jiko lake tumeligeuza kuwa chumba cha kupimia. Unga huo hapo mwanzo ni jiwe. Linachimbwa Manono, kaskazini, linasagwa huko na kuletwa kwetu kwa malori yanayokatika ekseli njiani. Ndani ya jiwe hilo mna litiamu, na litiamu ndiyo inayotakiwa na kila anayetengeneza betri duniani. Ila jiwe ni bahili. Ukilitia kwenye asidi jinsi tunavyotia mawe ya shaba hapa Kolwezi, litakaa humo hadi uzeeke, halitoi kitu. Lazima kwanza ulichome kwenye moto unaopita nyuzi elfu moja, hadi livimbe, lipasuke lenyewe, liwe unga mwepesi. Likishapoa, ndipo unalichanganya na asidi kali isiyotiwa maji, unalikaanga tena kwa moto mdogo, na mwisho kabisa unalimwagia maji ili litiamu iyeyuke.

Mwisho kabisa. Maji yanakuja mwisho kabisa.

Kwa hiyo unga uliotoka tanurini ulipaswa kuwa mkavu kuliko mfupa. Huu nilipouchota ulishikamana kwenye kijiko.

Nilipima kijiko kimoja, nikakitia kwenye tanuri dogo la kukaushia, nikakaa mbele yake nimekunja mikono. Kilipotoka nilikipima tena. Zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito ilikuwa imekwenda. Ilikuwa maji. Nilirudia kwa kijiko cha pili, nikitumaini nimekosea, na siku nyingine kukosea kunanikera sana. Jibu lilikuwa lile lile.

"Labda walimwangia mayi ju ya vumbi," Abigaël alisema taratibu. "Leo kuko bageni."

Hapo ndipo nilipoweka kijiko chini.

Mgeni alikuwa mmoja tu, Laure Mianda, binti wa Likasi anayefanya kazi Ulaya, kwenye kampuni inayotengeneza unga unaoingia ndani ya betri. Alikuwa amepita maabara kwetu jana yake pamoja na mkurugenzi wetu, Edouard Kankolongo. Edouard ni mtu mpole, mrefu, ambaye ngozi ya pua yake haijapona tangu aliporudi kutoka Amerika ya Kusini. Huko alifanya kazi miaka mingi kwenye nyanda za chumvi, juu milimani, mahali ambapo litiamu haitoki kwenye jiwe bali kwenye maji. Nilimwomba anieleze, kwa sababu mimi litiamu ya maji nimeisoma tu, sijaiona.

"Chini ya ile jangwa kuko mayi ya chumvi kali," alisema. "Unaivuta na pompe, unaimwanga mu mabasin makubwa kama mabwawa, jua inakunywa mayi. Chumvi zingine zinaanguka kwanza, unazitosha, unazitupa. Ile yenye litiamu inabaki mu mayi, inazidi kukaza. Unangojea mwaka, mwaka na nusu. Kazi yetu kubwa ilikuwa kungojea."

"Na hapa? Lubudi kule, bamama si banapika chumvi na mayi ya mu udongo?" niliuliza.

Edouard alicheka. "Ile mayi nilishaipima. Litiamu yake ni kama hakuna. Na hata ingekuwa mingi, mvula ya hapa ingejaza mabasin kuliko jua inakausha. Kila inchi na ya kwake. Sisi Mungu alitupatia jibwe."

Laure hakucheka. Alikuwa mwanamke wa viatu vizito na maneno machache. "Jua haina bei," alisema, "njo maana litiamu ya mayi ni rahisi. Lakini siku batu banataka magari mingi, huwezi kuambia jua ikimbie. Basin mupya inaomba miaka mbele ya kutoa kintu. Mwenye jibwe, mutambo yake ikiwa tayari, yeye anaweza kuongeza kwa miezi: baruti, kusaga, moto, asidi. Njo maana batu yangu banataka bote babili. Hatuwezi kutegemea jua peke."

"Na bei ikianguka?" nilimuuliza.

"Bei ikianguka, mwenye jibwe njo anafunga wa kwanza. Moto na asidi ni gali. Tulishaona ile, si zamani." Akamtazama Edouard. "Ni vile kesho nataka kuona na macho yangu. Kama mutambo yenu inaenda, nitaandikisha mukataba. Kama haiendi, nitaenda kwa benye mayi, nitangojea pamoja nabo."

Mji mzima ulikuwa unaijua ziara hiyo. Kolwezi imekula kobalti miaka yote hii, na sasa kila mtu amesikia kwamba zimetoka betri za chuma na fosfati ambazo hazitaki kobalti hata punje. Litiamu bado zinaitaka. Basi watu walikuwa wanakitazama kile kiwanda chetu kidogo cha majaribio jinsi familia inavyomtazama mtoto mmoja aliyefaulu shule. Na Kolwezi mgeni akija, tunafanya nini? Tunamwaga maji. Tunanyunyizia barabara, tunanyunyizia ua, tunalaza vumbi ili mgeni asikohoe. Hakuna bwana wa migodi asiyejua hilo.

Na hakuna aliyelijua kuliko msimamizi wa kitengo cha kuchanganya asidi, Philippe Mushiya. Ni baba yangu.

Babu yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Baba mwenyewe alizeekea kwenye vinu na matanuri, akastaafu, na Edouard alipotafuta mtu anayeweza kuwasha mitambo ya zamani, akamrudisha kazini. Baba alivaa ovaroli siku hiyo kama bwana harusi. Vumbi ndilo adui yake wa maisha. Vumbi lilimaliza rafiki zake mmoja mmoja, na yeye mwenyewe kifua chake kinapiga filimbi akipanda ngazi. Kila kijana aliyepita mikononi mwake alifundishwa jambo moja kabla ya mengine: usiguse jiwe lililosagwa kabla hujalilowesha. Kwenye shaba hilo ni sawa kabisa. Asidi ya kwenye matangi ya shaba imekwisha kuzimuliwa kwa maji, maji kidogo ya ziada hayamdhuru mtu. Na ule unga wa Manono ukitoka tanurini unapeperuka kuliko unga wowote niliouona. Ukipiga chafya umepoteza nusu kijiko. Nilimwona baba waziwazi kichwani mwangu, ameshika mpira wa maji, anautengeneza unga uwe na adabu mbele ya mgeni.

Asidi ya kwetu haijazimuliwa. Hiyo ina kiu. Ikikutana na maji inayanywa kwa hasira na kutoa joto la kuyachemsha pale pale.

"Fungua feni ya kabati," nilimwambia Abigaël. Nilivaa glavu, nikatia unga mbichi kidogo kwenye kopo la kioo ndani ya kabati la kuvutia moshi, nikashusha kioo cha mbele, nikadondosha asidi. Ilisema *tsss*, halafu ikatema. Rojo jeupe liliruka likapiga kioo cha kabati mahali hasa penye uso wangu. Kopo lilipasuka.

Kile kilikuwa kijiko kimoja tu. Kiwandani, ndani ya kichanganyio, kulikuwa na unga wa kujaza mikokoteni, na kifuniko juu yake, na mtu wa kuinama kutazama ndani. Mtu huyo alikuwa baba.

Niliogopa jinsi sijawahi kuogopa.

Nilimpigia baba. Simu iliita ikakata. Nilimpigia Edouard, ikaita ikakata. Kisha nikakumbuka na nikajitukana: kiwandani simu zote zinaachwa kwa mlinzi langoni, kwenye visanduku, kwa sababu ya usalama. Nilipiga namba ya mlinzi. Haikupatikana. Jaribio lilipangwa mara baada ya chakula cha mchana, na chakula kilikuwa kimekwisha kuliwa Kolwezi nzima.

"Endelea kupiga," nilimwambia Abigaël. "Usiache hata kidogo. Waambie wasifungue asidi."

Nilitoka na koti la maabara, nikadaka pikipiki ya kwanza. Dilala hazikosekani, siku nyingine zinanikera kwa honi, siku hiyo ningembusu dereva.

"Musonoi, kiwanda cha litiamu. Kimbiza."

"Mama, kofia?"

"Acha kofia! Enda!"

Tulikwenda. Nilijishika kwenye bega lake nikahesabu kwa akili kile ambacho huenda kinafanyika. Sasa Laure ameonyeshwa tanuri. Sasa anapanda ngazi. Sasa Edouard anaeleza kwa ule upole wake wa mtu aliyezoea kungojea jua. Edouard alikuwa ameandika kwenye maagizo kwamba unga uwe mkavu, neno moja tu, kwa sababu kwake hakuna mtu mwenye akili angeweza kufikiri vinginevyo. Na baba hakuona sababu ya kuuliza, kwa sababu kwake pia hakuna mtu mwenye akili angeweza kufikiri vinginevyo. Majaribio yote ya nyuma tuliyafanya sisi, kwa vijiko, maabara. Hili lilikuwa la kwanza kwenye mtambo mkubwa. Nilitaka kuwapiga wote wawili. Nilitaka wote wawili wawe wazima ili niwapige.

Kwenye barabara ya vumbi ya kuingia Musonoi tulikwama nyuma ya lori la maji. Lilikuwa linanyunyizia njia, taratibu kabisa, kwa ajili ya mgeni. Matope yalikuwa yanateleza na dereva wangu aliogopa kulipita. Nilimpigia kelele masikioni hadi akapita, gurudumu la nyuma likaenda huku na sisi tukaenda kule, na maji baridi yakanilowesha hadi kiunoni. Nakumbuka nilikuwa nasali na kutukana kwa pumzi moja.

Mlinzi wa lango alinizuia. Kadi yangu ilikuwa maabara, kwenye mkoba.

"Mama, bila kadi hakuna kuingia. Na leo kuko visite ya mugeni."

"Mi ni mutoto wa Tata Mushiya. Simu yako iko wapi?"

"Iko na batterie pungufu. Inazima."

Naweza kusema mengi kuhusu mlinzi anayelinda mlango wa kiwanda cha litiamu ya betri huku simu yake haina chaji. Wakati ule sikusema. Niliinama nikapita chini ya kizuizi, nikakimbia. Alinifuata akipiga filimbi, na kwa kweli nilishukuru, nikidhani filimbi itawashtua walioko ndani. Haikumshtua mtu. Tanuri lilikuwa linazunguka, linaguruma, na feni za kuvuta moshi zilikuwa zinaunguruma juu yake.

Ua wote ulikuwa umelowa. Ulimeta. Mpira wa maji ulikuwa umekunjwa vizuri ukutani, na hilo lilinitisha kuliko yote, kwa maana lilinionyesha kwamba kazi ya kunyunyizia imekwisha.

Wao walikuwa kwenye jukwaa la chuma, juu ya ngazi fupi. Laure na Edouard walisimama mbali kidogo, nyuma ya mstari wa njano, na nilimshukuru Mungu kwa mstari huo. Mechack, opereta, alikuwa kwenye ubao wa vitufe. Na kwenye kichanganyio chenyewe, ameinama juu ya dirisha la kutazamia, mkono wake wa kuume kwenye valvu ya asidi, alikuwa baba. Alikuwa amevaa aproni ya mpira mbele. Ngao ya uso alikuwa ameipandisha juu ya kofia ili aone vizuri.

"Tata!" nilipiga kelele nikipanda ngazi.

Hakugeuka. Mechack aligeuka. Edouard aligeuka. Mafundi wawili waliokuwa chini karibu na tanuri waligeuka, hata mlinzi nyuma yangu alisema "nini?" Kwetu baba ni tata, na kila mwanaume mwenye heshima ni tata, neno hilo linamwita kila mtu na siku ile halikumwita baba. Alizungusha valvu.

"Tata, acha!"

Walikuwa wananitazama wakishangaa, mwanamke mwenye koti jeupe lililoloa matope. Mechack aliinua mikono kuuliza kitu. Baba alizungusha tena, ameinamisha kichwa, akitafuta asidi ikianguka.

Basi nililiita jina lake.

Sijui kama mtu asiyetoka kwenye familia kama yetu ataelewa. Jina la baba mtoto halitamki. Kwenye shule nililiandika kwenye karatasi, mdomoni halikuwahi kupita. Mama mwenyewe anamwita Tata Flo, kwa jina langu. Mtoto anayemwita baba yake kwa jina mbele ya watu amemvua heshima, na nyumbani kwetu jambo hilo linaombewa msamaha kwa kuku mweupe mbele ya wazee. Nililiita kwa nguvu yote ya kifua changu, jinsi mwanamke sokoni anavyomwita mwizi.

"Philippe!"

Akasimama wima. Aligeuka, na uso wake niliuona vizuri. Haukuwa na hofu, ulikuwa na hasira tupu. Aliachia valvu. Alikuja kwangu, hatua ndefu, kidole kimeinuliwa, tayari anasema.

"Florentine, uko wazimu? Uko naita mi kama—"

Nyuma yake kichanganyio kilikohoa.

Ilikuwa sauti ya chini, nzito, halafu kifuniko kikainuka. Wingu jeupe lilipanda hadi dari, na kutoka ndani yake rojo likaruka pande zote kama uji uliosahauliwa motoni. Pale kwenye dirisha la kutazamia, mahali uso wa baba ulipokuwa muda mfupi uliopita, lilitoka kwa nguvu likapiga nguzo. Mechack alipiga kitufe chekundu kwa ngumi, pampu ya asidi ikanyamaza. Nilimwona Edouard amemkumbatia Laure wamelala chini.

Baba alisimama kwanza kama mtu aliyeguswa begani na rafiki. Kisha akasema "ah", sauti ndogo, akapiga magoti. Aproni ilikuwa mbele. Mgongoni alikuwa na ovaroli tu, na ovaroli ilikuwa imeanza kutoa moshi.

Nilimshika chini ya makwapa. Sijui nilipata wapi nguvu. Ni mtu mzito. Mafundi walikuja, tukamburuta hadi kwenye bomba la dharura pembeni mwa ukuta, nikavuta mnyororo na maji yakamwangukia. Mengi, baridi, bila kikomo. Mafundi walikohoa sana kwa ile hewa. Nikawaambia wakamsaidie Mechack kuwatoa wageni nje na wafungue milango yote. Wakaenda.

Tukabaki sisi wawili chini ya maji.

"Vula," nilisema.

"Enda uite Mechack."

"Mechack iko na batu bengine. Vula, tata. Nguo imekunywa asidi, inaendelea kukula ngozi."

"Nasema enda." Alijishika ovaroli kifuani kwa mikono yote miwili kama msichana. "Mutoto haone baba yake. Unaniita jina mbele ya bageni, sasa unataka hii? Unataka nini na miye leo?"

Nilitaka aishi. Nilivunja kioo cha sanduku la huduma ya kwanza, nikatoa mkasi, nikaanzia kwenye kola. Alisukuma mkono wangu. Niliurudisha. Alisukuma tena, na kwa mara ya kwanza maishani niliushika mkono wa baba yangu nikaukunja hadi akauacha. Nikakata. Kitambaa kilitoka vipande vipande, kilikuwa laini kama karatasi ya choo iliyolowa. Chini yake ngozi ya mgongo ilikuwa nyeupe mahali pamoja na nyekundu pengine, kutoka shingoni hadi chini ya mbavu. Nikakata hadi kiunoni, nikaendelea kukata, kwa maana maji yalikuwa yanaipeleka asidi chini na sikuwa na haki ya kuona haya.

Baba aliziba uso wake. Hakuziba mahali pengine popote. Aliziba uso.

Nilikuwa namgeuza polepole ili maji yafike kila mahali. Alikuwa mwembamba kuliko nilivyodhani. Mifupa ya mabega yake ilikuwa inatokeza. Kifua kilikuwa kinapiga ile filimbi yake, haraka haraka, na mimi nilikuwa naisikiliza na kuogopa kila ilipokawia.

Mlango mkubwa ulikuwa wazi, na sauti za watu zilitufikia kutoka nje. Edouard alikuwa anasema, kwa sauti iliyovunjika, kwamba kosa ni lake, kwamba angewaonyesha kwa mikono badala ya kuandika. Mechack alikuwa anatapika. Halafu nikamsikia Laure. Sauti yake ilikuwa inatetemeka, nampa haki yake, ilikuwa inatetemeka kweli. Lakini aliuliza.

"Directeur, pole. Pole sana. Munaweza kurudilia lini?"

Nilimsikia Edouard akimwomba mtu amletee Mechack maji ya kunywa.

"Benye mayi bameshauzisha yote ya mwaka huu na ya mwaka kesho," alisema Laure. "Mabasin mupya yabo bado. Sina pengine pa kwenda. Kama unga ingekuwa kavu, ingeenda, si vile? Niambie tu kama ingeenda."

"Ndiyo," Edouard alisema. "Kavu, ingeenda."

Nilijua basi kwamba tanuri halitazimwa. Wiki hii, wiki ijayo, mtu atasimama tena kwenye dirisha lile, na unga wa Manono utakuwa mkavu, na vumbi lake litapanda, na mkono wa mtu utatamani mpira wa maji. Na nilimjua mzee wangu, akipona atarudi pale pale. Niliufunga mnyororo wa bomba kwenye ndoano ili usijirudi, nikamshika kwa mikono miwili, mmoja begani na mmoja kiunoni, chini ya yale maji baridi.

Alisema kitu. Sikusikia. Niliinama.

"Sasa mi niko nani mbele yako?" aliuliza, bado uso ameufunika.

"Uko muzima," nilisema. "Geuka, tata. Mugongo haiyaisha kuoshwa."